Kodi ya bidhaa imegeuka tarehe, na ripoti ikakaa kimya mpaka Januari

Hii ishu ya Excel kugeuza kodi, yaani namba ya kutambulisha bidhaa na sio kodi ya serikali, kuwa tarehe wengi wanaijua kijuujuu, unapesti 7-5 inakuwa 07-May, unakasirika, unaandika upya na kistari cha juu mbele, maisha yanaendelea. Kisa hiki nakileta kwa sababu hakikuishia hapo. Kodi zilipestiwa mwaka 2025, ripoti ikatoa namba zinazoeleweka mwaka mzima, halafu Januari 2026 ikaharibika ghafla bila mtu yeyote kugusa fomula, na tulipofukua tukakuta hata ile ripoti "nzuri" ya 2025 ilikuwa na makosa ndani yake.

Mazingira yako hivi. Stoo ya vipuri, kodi zina sehemu mbili, namba ya familia halafu namba ya saizi, katikati kistari. Familia ni 1 mpaka 18, saizi 1 mpaka 60. Kwa hiyo kuna 7-5, kuna 7-25, kuna 15-22, hakuna herufi na hakuna sifuri za mbele. Mtunza stoo alihesabu kwa simu, akajitumia orodha kama meseji ya maandishi, akakopi akapesti kwenye Excel, kolamu A kodi, kolamu B idadi. Shiti nyingine ina orodha kamili ya kodi zote, hiyo iliandaliwa vizuri, seli zote ziko kwenye fomati ya `Text`, na pembeni ya kila kodi kuna SUMIF inayokusanya idadi kutoka shiti ya hesabu. Kompyuta imewekwa mpangilio wa siku kwanza halafu mwezi, hilo liweke kichwani maana kila kitu kinachofuata kinategemea hapo.

Sasa Excel inapopokea 7-5 kwenye seli ya kawaida, yaani `General`, inajaribu kuisoma kama siku na mwezi. Saba Mei, inawezekana, basi ni tarehe, na mwaka kwa kuwa hujautaja inaweka mwaka wa saa ya kompyuta siku hiyo. Ikipokea 7-25 inajaribu hivyohivyo, mwezi wa 25 haupo, lakini haikati tamaa, inajaribu mwezi na mwaka: Julai 2025, na kwa kuwa tarehe lazima iwe na siku inaweka tarehe moja. Ikipokea 15-22 inakwama pande zote, hakuna mwezi wa 22 na hakuna mwezi wa 15, hapo ndipo inakuachia maandishi yako kama yalivyo. Chini kabisa tarehe yoyote kwa Excel ni namba tu ya siku zilizohesabiwa tangu 1 Januari 1900, hayo maneno ya mwezi unayoyaona ni mavazi.

```
iliyopestiwa   inavyoonekana   namba ya ndani
7-5            07-May          45784
1-7            01-Jul          45839
7-25           Jul-25          45839
7-40           Jul-40          14793
15-9           15-Sep          45915
15-22          15-22           (maandishi)
```

Angalia mstari wa pili na wa tatu kwa makini. 1-7 ni tarehe moja Julai ya mwaka wa kupesti, na mwaka huo ulikuwa 2025. 7-25 ni Julai 2025, tarehe moja. Namba ya ndani ni ileile. Kwa Excel hizo sio bidhaa mbili tena, ni kitu kimoja kilichovaa nguo tofauti. (7-40 imeenda 1940 kwa sababu mwaka wa tarakimu mbili una mpaka wake, kwenye kompyuta hii kuanzia 30 ulihesabiwa karne iliyopita, setingi ya Windows inaweza kuusogeza huo mpaka, ila kwa kisa chetu haibadilishi kitu.)

Kuhusu kuharibika nusunusu: familia 1 mpaka 12 ziligeuka zote, familia 13 mpaka 18 ziligeuka zile za saizi 12 kushuka tu na zilizobaki zikawa salama. Hii nusunusu ndio mbaya, maana ukiscroli haraka unaona 15-22, 16-40, 18-31 zimekaa vizuri na unasema ah kolamu iko poa. Ila seli za maandishi zinakaa kushoto na tarehe zinakaa kulia, hiyo dalili ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila mtu alikuwa ameweka kolamu nzima katikati ili ipendeze. Naomba niseme tu, kuweka kolamu ya kodi katikati ni kujifumba macho kwa hiari.

Sasa swali ambalo kila mtu aliuliza, na ni swali zuri: kama kolamu A imejaa tarehe na shiti ya ripoti ina kodi za maandishi, si ilitakiwa visioane tangu mwanzo? Wangetumia VLOOKUP au XLOOKUP ni kweli, wangeona #N/A kwenye kila kodi iliyogeuka na tatizo lingekamatwa siku hiyohiyo, kwa sababu hizo zinalinganisha maandishi "7-5" na namba 45784 na kusema hapana. Lakini SUMIF na COUNTIF hazifanyi hivyo. Kigezo unachoipa SUMIF, hata kikiwa kimetoka kwenye seli ya `Text`, yenyewe inakisoma upya na kuuliza hii si inafanana na namba au tarehe? "7-5" inafanana, basi inaigeuza kuwa 45784 kichwani mwake na kwenda kutafuta 45784. Inaipata. Jibu linatoka sahihi. Yaani kosa la kupesti likafunikwa na kosa lingine la aina ileile upande wa pili, vikaoana.

Vikaoana kwa kodi nyingi, sio zote. Ukiuliza 1-7 inatafuta 45839 na kukusanya idadi ya 1-7 pamoja na ya 7-25. Ukiuliza 7-25 inafanya vilevile. Kwenye shelfu 1-7 zilikuwa 40 na 7-25 zilikuwa 6, ripoti ikasema 46 na 46. Jozi za namna hii ni 12 kamili, 1-1 na 1-25, 1-2 na 2-25, inaendelea mpaka 1-12 na 12-25, kwa hiyo kodi 24 zilikuwa na namba za uongo mwaka mzima wa 2025. Kitu ambacho kingewashtua ni kujumlisha kolamu B ya hesabu na kulinganisha na jumla ya ripoti, jumla ya ripoti ilikuwa kubwa, lakini hakuna aliyekuwa analinganisha hizo mbili. Nawaelewa pia, unaona fomula ni ileile mpaka chini, unaamini.

Januari ikafika. Mtunza stoo akaingiza mzigo mpya, mistari michache chini ya kolamu, mojawapo 7-5 idadi 10. Kuongeza mistari kukaifanya SUMIF ipige hesabu upya kwa kila kodi, na safari hii saa ya kompyuta inasoma 2026. Kigezo "7-5" sasa ni 7 Mei 2026. Hesabu zote za mwaka jana zimehifadhiwa kama 7 Mei 2025. Hazionekani. Ripoti ikasema 7-5 zipo 10, wakati shelfu imejaa. Kodi zenye saizi 12 kushuka, nje ya familia 1, ambazo hazikupata mzigo mpya zikasoma sifuri. Zile za mtindo wa 7-40 zikabaki sawa kabisa kwa sababu mwaka wao unatoka kwenye kodi yenyewe na sio kwenye saa. Na 1-7? Hiyo ikaanza kuonyesha idadi ya 7-26, kwa sababu 1 Julai 2026 ndiyo ileile Julai 2026, jozi zote 12 zikahama nyumba kwa mpigo.

Simu niliyopigiwa ilikuwa "kaka, hii faili imeingia virusi, namba zinabadilika zenyewe." Virusi hakuna. Kitu cha kwanza nilichomwambia dada wa hesabu ni abonyeze seli moja ya kodi kwenye shiti ya hesabu na kusoma kilichoandikwa kwenye mstari wa fomula juu, sio kwenye seli. Akasoma 07/05/2025. Hapo tayari umeshajua. Cha pili ni kujua ukubwa wa tatizo, na hiyo ni fomula moja tu:

```
=COUNT(A2:A900)
```

COUNT inahesabu namba peke yake, maandishi haiyagusi, kwa hiyo kwenye kolamu ya kodi jibu linatakiwa kuwa 0. Jibu lolote juu ya hapo ndio idadi ya kodi zilizogeuzwa. Hiki kipimo kinashinda macho, kinashinda pia mpangilio wa kushoto na kulia ambao mtu anaweza kuuchezea.

Kurudisha sasa. Njia bora kuliko zote ni kurudi kwenye chanzo na kupesti upya vizuri, kama chanzo kipo usihangaike na ujanja wowote. Hapa meseji zilishafutwa. Na wazo la kwanza la kila mtu, kuchagua kolamu na kubadilisha fomati iwe `Text`, halirudishi kitu, linavua tu yale mavazi na unabaki unatazama 45839. Excel haikuhifadhi mahali popote maandishi uliyopesti. Ukishasevu na kufunga, hata kutendua hakupo.

Ila kuna alama moja inabaki, na hii ndio ilituokoa. Excel inapogeuza yenyewe, inaipa seli fomati inayolingana na jinsi ilivyoisoma: ikisoma siku na mwezi inaweka fomati ya siku-mwezi, ikisoma mwezi na mwaka inaweka ya mwezi-mwaka. Namba ya ndani ya 1-7 na 7-25 ni moja lakini fomati zao ni mbili, na fomula ya CELL inaweza kuzisoma, inarudisha D2 kwa siku-mwezi na D3 kwa mwezi-mwaka. Kwa hiyo kwenye kolamu C:

```
=IF(ISNUMBER(A2),
  IF(CELL("format",A2)="D3",
    TEXT(A2,"m-yy"),
    TEXT(A2,"d-m")),
  A2)
```

Isome taratibu. Kama A2 ni maandishi iache. Kama ni namba na fomati ni D3, andika mwezi, kistari, tarakimu mbili za mwaka, hapo 1940 inarudi kuwa 7-40 bila kujali karne. Vinginevyo andika siku na mwezi, mwaka unautupa, kwa hiyo mistari ya 2025 na ya 2026 yote inarudi 7-5. Kama kodi zenu zina sifuri za mbele basi hapa mna kazi zaidi, 7-5 na 7-05 zikishageuka ni tarehe moja yenye fomati moja, hakuna fomula itakayozitofautisha.

Fomula hii inahitaji fomati zile ziwe hazijaguswa, na hapa sehemu moja ya kolamu ilikuwa imeguswa. Mtu mmoja kwa nia njema kabisa alishaona "tarehe za ajabu" akabadilisha mistari kadhaa iwe `Text`, akaona namba za tarakimu tano, akashangaa akaacha hivyohivyo. Kwenye mistari hiyo CELL inarudisha G na mavazi ya D2 na D3 yameshapotea. Hapo tukatumia akili ya kalenda. Kama namba ukiigeuza tarehe haiangukii tarehe moja ya mwezi, mfano 7 Mei, basi lazima ilikuwa siku-mwezi, kwa sababu mwezi-mwaka daima inaanguka tarehe moja. Kama ni tarehe moja lakini mwaka sio 2025, na mistari hiyo tulijua imepestiwa 2025, basi ni mwezi-mwaka. Kama ni tarehe moja na mwaka ni 2025, hapo hakuna ujanja, inaweza kuwa 1-7 na inaweza kuwa 7-25, na hizo ni zilezile kodi 24 za kwenye jozi. Mtunza stoo akaenda kwenye shelfu kuhesabu hizo tu. Usikubali mtu akukisie hapo eti "1-7 ndio inatoka sana itakuwa hiyo", kuhesabu shelfu ni kazi ya muda mfupi na kukisia kutarudi kukutafuta.

Baada ya kolamu C kutoka safi ilibaki kuiweka kuwa maandishi matupu yasiyo na fomula, yaani kukopi na kupesti `Values`, hiyo haigeuzi tena kwa sababu Excel haisomi upya maandishi yanayotoka kwenye fomula. Inasoma upya pale unapoingiza. Na "kuingiza" ni kupana kuliko watu wanavyodhani: ukiingia kwenye seli ya `General` yenye maandishi 7-5 na kubonyeza Enter bila kubadilisha herufi hata moja, inageuka. Ukitumia kutafuta-na-kubadilisha, mfano una 7_5 na unataka kistari, kila seli ya `General` iliyobadilishwa inageuka tarehe kwa mpigo. Kwa hiyo kolamu C tuliipa fomati ya `Text` kabla ya mtu yeyote kuigusa tena.

Halafu ripoti. SUMIF tuliiondoa kwenye kodi za namna hii moja kwa moja, maana hata data ikiwa safi yenyewe bado ina tabia ya kukisoma kigezo kama tarehe. Badala yake:

```
=SUMPRODUCT((Hesabu!$C$2:$C$900=A2)*Hesabu!$B$2:$B$900)
```

Alama ya sawasawa inalinganisha maandishi na maandishi, haitafsiri. Ni nzito kidogo kwenye faili kubwa sana, kwa mistari mia kadhaa hutaona tofauti. Chini tukaweka seli mbili, jumla ya kolamu B na jumla ya ripoti, na ya tatu inayotoa tofauti yake, pamoja na ile COUNT ya kolamu ya kodi. Zote zinatakiwa kusoma vizuri kabla ripoti haijatumwa kwa bosi.

Kwenye kupesti kwenyewe, utaratibu ni kuipa kolamu fomati ya `Text` kwanza halafu kupesti kama maandishi matupu. Watu wanafanya la kwanza wanasahau la pili: ukikopi kutoka kwenye ukurasa wa mtandao au faili lingine, kupesti kwa kawaida kunakuja na fomati yake na kufuta ile `Text` uliyoiweka, kwa hiyo chagua `Match Destination Formatting`. Kama data inakuja kama CSV usiibonyeze mara mbili ifunguke, na alama za nukuu ndani ya CSV hazikusaidii kitu, ipitishe `Data` > `From Text/CSV` na uchague `Do not detect data types`. Google Sheets ina tabia hiyohiyo, huko weka `Plain text` kabla ya kupesti, na ukiingiza faili ondoa tiki ya kugeuza maandishi kuwa namba na tarehe.

Wengine wataniambia Microsoft walishaweka swichi ya kuzima haya. Ni kweli, tangu 2023 kuna sehemu ya `Automatic Data Conversion` kwenye `Options` > `Data`, lakini soma vizuri inachozima. Upande wa tarehe inahusu herufi na namba zilizoshikana, kama JAN1 au MAR12. Ikiwa katikati kuna kistari au nafasi bado inaweza kugeuzwa, na kodi zetu zote zina kistari. Swichi hiyo inawafaa zaidi watu wenye majina kama ya jeni za binadamu, SEPT1 na MARCH1, ambao walisumbuka na jambo hili miaka mingi mpaka kamati inayosimamia majina hayo ikatangaza mwaka 2020 kwamba imeyabadilisha, SEPT1 ikawa SEPTIN1 na MARCH1 ikawa MARCHF1. Yaani wanasayansi walibadilisha majina ya jeni kabla programu haijabadilisha tabia.

Na sisi tulienda njia hiyohiyo ya kubadilisha jina. Pendekezo la kwanza lilikuwa nukta badala ya kistari, 7.25, nikalikataa kwa sababu hiyo inakuwa namba, na 7.20 inakuwa 7.2 ambayo ni kodi ya bidhaa nyingine kabisa. Mkwaju, yaani alama ya /, ni tarehe vilevile kama kistari, nukta mbili inakuwa saa. Herufi moja mbele inatosha, tukachukua K, 7-25 ikawa K7-25, na hiyo Excel haina namna ya kuisoma kama tarehe kwenye mpangilio wowote. Lebo za shelfu zinabadilishwa taratibu familia moja baada ya nyingine, kwa sasa ripoti inakubali zote mbili, na familia 1 ndio imeanza kwa sababu jozi zote 12 zinaanzia huko.